Prius ZVW30 ya 2011: nitajuaje betri kubwa bado ina maisha kabla sijatoa hela? Na ikifa inanigharimu ngapi?

mama_junior_tabata
Wakuu habari za jioni. Nimeona Prius ZVW30 ya 2011, rangi nyeupe, ya mtu binafsi yupo Mbezi Beach, anataka milioni 14.8 na maongezi yapo. Bodi safi, siti safi, dashibodi inasoma kilomita elfu 96. Mimi natoka Tabata kwenda Posta kila siku, foleni mnaijua wenyewe, ndo maana nataka haibridi.

Kinachonitia hofu ni betri kubwa. Mwenye gari anasema "betri haijawahi kusumbua" ila hilo kila muuzaji anasema. Nataka nijue mambo mawili tu. La kwanza, nikienda kuliangalia nifanye nini hasa ili nijue hali ya betri bila kulifungua. La pili, ikitokea imekufa baada ya miezi kadhaa niwe nimejiandaa na shilingi ngapi. Naomba wenye uzoefu wa kweli, maana shemeji yangu kila kitu anasema "chukua tu Toyota haifi".

dereva_ubungo
Elfu 96 ni kidogo sana dada, chukua. Betri ya haibridi ikifa utaijua tu, gari haiwaki. Nenda asubuhi, bonyeza pawa, ikiandika READY betri nzima. Isipoandika achana nayo. Hayo mengine mafundi wanatafuta hela.

Mimi Aqua yangu inapiga kazi za mtandaoni kutwa nzima na betri ni ileile iliyokuja nayo.

fundi_haibridi_sinza
Dereva hapo upo sahihi nusu, nusu nyingine itamponza dada wa watu. Kwenda asubuhi gari likiwa limelala ni sahihi kabisa na nitaeleza kwa nini. Ila READY haikuambii afya ya betri kubwa. Prius ina betri mbili, kuna ndogo ya volti 12 ipo buti upande wa kulia, hiyo ndo inaamsha kompyuta na kufunga rilei za umeme mkubwa. Gari nyingi zinazoletwa kwangu kwa kuvutwa eti "haibridi imekufa" ni hiyo ndogo tu imechoka, unaweka nyingine gari linaondoka. Na kinyume chake, betri kubwa inaweza kuwa imebakiza miezi mitatu na READY ikaja vizuri kila asubuhi, gari linatembea, taa hata moja haiwaki. Hapo ndo watu wanapigwa.

Mama Junior, nunua au azima kile kidude cha OBD2 cha blutuuthi, ELM327, halafu weka kwenye simu apu inaitwa Dr. Prius. Hiyo inasoma betri ya Prius vizuri. Kijaribu kwanza kwenye haibridi ya jirani kabla hujaenda, maana vile vya bei ya chini sana vingine vinakatakata, usije ukafika kwa mtu ukaanza kuhangaika.

Betri ya ZVW30 ina moduli 28 zimepangwa kama vitabu, kila moja volti 7.2, jumla 201.6. Kompyuta haioni moduli mojamoja, inaziona mbilimbili, kwa hiyo kwenye simu utaona bloku 14. Unachotafuta sio volti za jumla, unatafuta bloku moja inayojitenga na wenzake. Angalia mara nne:

Kwanza kabla hajawasha. Mwambie mapema kabisa asiliwashe kabla hujafika, na ukifika weka mkono kwenye boneti, ikiwa ya moto basi keshalizungusha kuijaza betri. Moduli mbovu inavuja chaji ikiwa imelala usiku, kwa hiyo asubuhi bloku yake inakuwa chini ya wenzake hata kabla ya kazi yoyote. Ukisubiri mpaka gari litembee dalili hii inajificha.

Pili kwenye mzigo. Dar ni tambarare, kwa hiyo tafuta kilima, kwa huko Mbezi Beach pandisha Salasala au Goba. Kanyaga mafuta mpaka chini huku mwenzako anasoma simu. Bloku zote zitashuka, hiyo kawaida, angalia ya juu na ya chini zinapishana kiasi gani. Mimi kwa kazi zangu tofauti ya 0.3 kushuka chini naiita nzuri. Ikifika 0.5 naanza kuuliza maswali. Ikikaribia volti 1 hiyo betri iko njiani kuondoka.

Tatu wakati wa kuchaji. Simamisha gari, breki umeikanyaga kwa nguvu, gia iwe D, kanyaga mafuta taratibu, injini itawaka na itaanza kuchaji. Fanya sehemu ya wazi, mbele pasiwe na mtu, na usikae hapo muda mrefu. Bloku mbovu sasa inafanya kinyume, inapanda kuliko wenzake. Ikishuka kuliko wote kwenye mzigo na ikapanda kuliko wote kwenye chaji, hapo hakuna ubishi tena.

Nne nitakuandikia baadae kidogo, nina gari juu ya jeki hapa.

kijana_wa_vezel
Wakuu samahani kuingilia, mimi nina Honda Vezel haibridi nimeweka hiyo Dr. Prius haioni bloku yoyote, ina maana betri yangu imekufa? Gari inashtuka ikiwa inaondoka kwenye foleni.

fundi_haibridi_sinza
Kaka hiyo apu ni ya Toyota, Vezel haiwezi kuisoma vile. Na betri ya Vezel ni ya lithiamu, vipimo nilivyoandika hapo juu ni vya nikeli, usivitumie kwako. Kushtuka wakati wa kuondoka kwenye Vezel angalia klachi za gia kabla hujalaumu betri. Fungua uzi wako tukusaidie, hapa tumuache Mama Junior.

mzee_wa_kigamboni
Binti, mimi nilikuwa nayo hiyo hiyo ZVW30. Betri haikunisumbua, kilichonimaliza ni gasketi ya hedi. Ile injini ya 1.8 vile vipooza moshi vya EGR vinaziba masizi, mwisho gasketi inapasua na maji yanaingia kwenye silinda. Asubuhi gari likiwaka linatetemeka kama linataka kuanguka kisha linatulia. Wewe unakimbizana na betri halafu injini inakungoja mlangoni. Angalia tanki la maji limepungua au la.

mama_junior_tabata
Asante sana mzee wangu, shikamoo, hilo sikulijua kabisa, nitaliangalia. Fundi nasubiri la nne. Na kuna mtu kaniambia muuzaji anaweza kufuta makosa kabla sijaja, hiyo nitaijuaje?

fundi_haibridi_sinza
Mzee wa Kigamboni kasema kweli, na mtetemo huo unauona vizuri gari likiwa la baridi, sababu nyingine ya kwenda asubuhi.

Kufuta makosa, ndiyo wanafuta na inachukua dakika moja. Kwenye betri namba kubwa ya kosa ni P0A80, hiyo kompyuta yenyewe inasema betri ibadilishwe. Na huwa inafuatana na namba ya bloku yenyewe kuanzia P3011 ambayo ni bloku ya 1 mpaka P3024 bloku ya 14. Muuzaji akizifuta taa inazima, na inaweza isirudi mpaka umetembea nayo siku kadhaa, maana kompyuta inasubiri ione tofauti kubwa tena.

Ila kuna kitu wengi wao hawakijui. Kompyuta ya injini inahesabu kilomita tangu makosa yafutwe. Kwenye apu ya Torque itafute imeandikwa `Distance travelled since codes cleared`. Gari ambalo halijaguswa linasoma maelfu. Likisoma kilomita chache, ama kafuta kwa skana ama betri ndogo ilichomolewa. La pili linaweza kuwa na sababu ya kweli, kabadilisha betri ndogo labda, basi mwambie akuonyeshe hiyo betri mpya. Asipoweza kuonyesha, vipimo vyako vya bloku uvichukulie kwa uzito zaidi.

Sasa la nne. Tofauti ya bloku haikuambii kila kitu, na hapa hata mafundi wengi wanakosea. Betri inaweza kuchoka yote kwa pamoja, moduli zote 28 zimezeeka sawasawa, tofauti ni 0.2 tu, simu inaonyesha safi, lakini imebaki nusu ya ujazo wake. Hiyo ndo betri ambayo kwenye skrini vile vidonge vya chaji vinapanda haraka mpaka juu na vinashuka haraka mpaka chini, na injini inawakawaka kila saa ukiwa kwenye foleni.

Ujazo wa betri mpya ni saa-ampea 6.5. Unaupima hivi. Gari likiwa limeshapata moto na chaji imefika kama asilimia 60, weka P, READY imewaka, kiyoyozi mpaka mwisho feni juu, injini ikizima anza saa. Andika asilimia ya chaji na andika ampea zinazotoka, vyote apu inaonyesha. Ngoja mpaka injini ijiwashe yenyewe, huwa ni kwenye asilimia 40 na kitu. Andika tena muda na asilimia. Leta hizo namba hapa nitakuonyesha hesabu.

dereva_ubungo
Hapo umenifundisha fundi, ya saa na kiyoyozi sikuwahi kuisikia. Ila Aqua nayo ni hivyo hivyo?

fundi_haibridi_sinza
Njia ni ileile. Aqua ina moduli 20 tu, volti 144, ujazo wa kila moduli ni huohuo. Na wewe unayepiga kazi kutwa, safisha feni ya betri. Grili yake ipo chini ya siti ya nyuma, abiria wanaweka mikoba na mifuko hapo wanaiziba, vumbi nalo linaingia. Betri haipumui, inachemka, moduli za katikati ndo zinaanza kufa kwa sababu ziko mbali na hewa. Ukisikia feni inaguruma nyuma yako hata kwenye safari fupi, hiyo ni dalili.

mama_junior_tabata
Wakuu nimerudi, nimeenda jumamosi saa moja asubuhi na kaka yangu akisoma simu. Muuzaji mstaarabu lakini alikuwa anatuangalia kwa wasiwasi tulipochomeka kidude 😅

Boneti ilikuwa ya baridi. Kabla ya kuwasha vizuri bloku zote zilikuwa 15.6 na 15.7, isipokuwa namba 8 ilikuwa 15.3.

Tukapandisha Salasala mafuta chini. Nyingine zote zilicheza 14.1 mpaka 14.3, namba 8 ikashuka 13.2.

Tukasimama kwenye kiwanja kimoja tukachaji na breki kama ulivyosema. Nyingine zilikuwa 17.0 hivi, namba 8 ikapanda 17.6.

Ya kiyoyozi, tulianza asilimia 58, injini ikawaka asilimia 41, zilipita dakika 6, ampea zilikuwa zinacheza kwenye 6. Tukarudia ikawa hivyohivyo karibu.

Taa hakuna. Makosa hakuna. Lakini ile ya kilomita tangu makosa yafutwe imesoma 11. Nikamuuliza umebadilisha betri ndogo karibuni? Akasema hapana, ni ileile ya siku nyingi. Nikanyamaza.

Injini haikutetemeka, maji yapo kwenye alama. Sasa nisaidieni, nikimbie au nibaki?

kijana_wa_vezel
11 😳 kimbia dada

fundi_haibridi_sinza
Umefanya kazi nzuri kuliko mafundi wengi mjini hapa, nasema kweli.

Bloku ya 8 imekufa au inakufa, hilo halina mjadala. Imelala chini asubuhi, kwenye mzigo imepishana volti 0.9 mpaka 1.1 na wenzake, kwenye chaji imepaa. Na ni ya katikati, palepale joto linapokaa. Nikibahatisha, kosa alilofuta ni P0A80 pamoja na P3018, na taa itarudi ukishaanza kukaa kwenye foleni ya Ubungo mchana na kiyoyozi.

Sasa hesabu ya ujazo. Ampea 6 kwa dakika 6 ni sawa na saa-ampea 0.6, kwa sababu dakika 6 ni sehemu ya kumi ya saa. Chaji imeshuka kutoka 58 mpaka 41, ni asilimia 17. Kwenye betri mpya asilimia 17 ya 6.5 ni saa-ampea 1.1. Yako imetoa 0.6 mahali ilipotakiwa itoe 1.1, yani kama nusu na kitu kidogo. Betri nzima kwa hali ile ile ingevumilia dakika 11 hivi.

Ila hapa kuna kitu siwezi kukuhakikishia. Ile asilimia inakadiriwa na kompyuta, na kompyuta ikiona bloku moja inaanguka inashusha asilimia ya betri nzima hata kama bloku 13 nyingine bado zina chakula. Kwa hiyo inawezekana ujazo umeisha kwenye moduli zote, inawezekana pia ni zile mbili za bloku ya 8 zinawavuta wenzao chini. Ukiwa nje na simu huwezi kutenganisha hayo mawili. Mpaka ufungue, upime moduli mojamoja kwa mzigo, na hilo muuzaji hawezi kukuruhusu.

Na usijaribu kufungua mwenyewe. Pale kuna volti 200 za moja kwa moja, fundi anachomoa plagi ya chungwa ya usalama, anavaa glovu za umeme na anasubiri dakika 10 kapasita zimwage umeme ndo anagusa.

mangi_gerezani
Mama Junior usiogopeshwe. Bloku moja ikifa unabadilisha moduli mbili tu, mimi hapa Gerezani moduli ya mtumba nakupa laki na nusu moja, zote mbili laki tatu, kazi utaongea na fundi. Betri nzima ya nini wakati 26 nzima? Watu wanamwaga hela bure. Nimeuzia wengi na wanatembea.

fundi_haibridi_sinza
Mangi nakuheshimu na spea zako nanunua, ila hapo unamuuzia miezi michache. Hizo 26 zina umri uleule na zimepikwa joto lilelile. Ukichomeka mbili zenye nguvu tofauti katikati yake, zinajaa na kuisha kwa mwendo tofauti na wenzake, kompyuta inaona tofauti tena, wiki chache bloku nyingine inalia. Unafungua siti tena, unalipa kazi tena. Kubadilisha moduli mbili kunafanya kazi pale tu fundi akizitoa zote 28, akazichaji na kuzimaliza moja moja kwa chaja maalum, akapima ujazo, akatafuta mbili zinazofanana na zilizobaki. Hiyo ni kazi ya siku kadhaa na bei yake inakaribia betri ya mtumba.

mangi_gerezani
Sawa fundi ila wapo waliobadilisha mbili wanaenda mwaka wa pili sasa. Sio kila mtu ana milioni za kutupa.

fundi_haibridi_sinza
Wapo, sikatai. Wapo pia waliorudi mara tatu. Mimi siwezi kumshauri mtu anunue gari akitegemea bahati hiyo.

mama_junior_tabata
Basi nizungumzie hela. Leo nimepita Ilala na Kariakoo nimeuliza sehemu tofauti. Nimepata bei hizi, naomba mniambie kama ni za kweli.

Betri nzima ya mtumba toka Japani, imefungwa kabisa, milioni 2.4, garantii miezi mitatu. Betri mpya isiyo ya Toyota, milioni 4.6 imefungwa, garantii mwaka mmoja. Mpya ya Toyota kwa kuagiza wakasema itafika milioni 7 na zaidi, na kusubiri. Mmoja akasema akichukua la zamani atanipunguzia laki tatu.

mzee_wa_kigamboni
Binti, ya mtumba inatoka kwenye gari kama hilo hilo lililokatwa Japani. Umri wake nani anaujua? Unanunua usichokijua kwa milioni mbili na nusu.

fundi_haibridi_sinza
Bei hizo zinaendana na ninazoziona, zinapanda na kushuka na dola. Mzee ana hoja lakini kuna namna ya kupunguza hatari. Ya mtumba usilipe kabla haijapimwa. Mwambie aifunge kwenye gari, uipandishe kilima kilekile, uipime kiyoyozi kilekile, hesabu ileile. Ukipata tofauti chini ya 0.3 na ujazo wa robo tatu kwenda juu, lipa. Muuza betri anayekataa kipimo hicho keshakujibu. Na akiifungua kabla ya kufunga angalia vile vipande vya shaba vinavyounganisha moduli, vikiwa na ukungu wa kijani ujue imekaa kwenye unyevu, visafishwe au vibadilishwe, hewa yetu ya bahari inavila haraka.

Kwa matumizi yako wewe, foleni kila siku na joto, mimi ningeweka bajeti ya ile ya 4.6. Ya mtumba ikikupa miaka miwili umeshukuru.

dereva_ubungo
Hapo napingana kidogo fundi. Hizo mpya zisizo za Toyota nazo ni bahati nasibu. Mshkaji wangu kijiweni kafunga moja, mwaka haujaisha taa imewaka, aliyemuuzia anamzungusha na garantii yake. Bora mtumba wa Toyota uliopimwa, kwa milioni 2.4 ukifa unafunga mwingine na bado hujafika 4.6... karibu.

fundi_haibridi_sinza
Mara mbili 2.4 ni 4.8 kaka, ushapita. Ila nakuelewa, zisizo za Toyota haziko sawa zote, nyingine seli zake ni dhaifu kweli. Hapo sina jibu moja la kumpa, inategemea nani anauza na garantii yake ni karatasi au maneno.

mama_junior_tabata
Sawa, kwa hiyo hesabu yangu mimi naona hivi, mnirekebishe. Gari hili nalinunua kama gari lenye betri mbovu, sio "labda itakufa". Anataka 14.8. Nikiondoa 4.6 ya betri inabaki 10.2. Nikimrudishia ile laki tatu ya betri ya zamani inakuwa 10.5. Nikiweka mtumba, 14.8 toa 2.4 ongeza 0.3 ni 12.7. Kwa hiyo bei yangu ipo kati ya 10.5 na 12.7, na kadri ninavyosogea 12.7 ndo hatari ya mtumba inakuwa ya kwangu peke yangu.

fundi_haibridi_sinza
Hesabu imekaa sawa. Ongeza kitu kimoja, weka pembeni kama laki mbili za kusafisha feni na njia yake ya hewa siku hiyohiyo ya kufunga betri, na kubadilisha ile betri ndogo kama kweli ni "ya siku nyingi" kama alivyosema. Ukifunga betri mpya kwenye feni iliyoziba unaipika tena kuanzia mwezi wa kwanza.

Na unapoongea naye usimuite mwongo. Muonyeshe picha ya skrini ya bloku ya 8 na ile kilomita 11. Namba zitaongea zenyewe.

kijana_wa_vezel
Na mimi bado nasema kimbia, Prius zipo nyingi mjini

mama_junior_tabata
Kaka zipo nyingi ila ngapi nitazipima na mwenye nazo akanivumilia hivi? 🙂

Nimeongea naye jana jioni. Nilipomtumia picha alikaa kimya muda, kisha akasema fundi wake ndo alifuta taa, yeye hakujua ni kosa kubwa. Sikubishana. Alianzia 14, akashuka 13, mwisho tumefika 11.9. Nimemwambia nalipa kwa sharti gari liende kwanza Sinza, fundi afungue betri mbele yetu wote wawili, tukikuta imeshawahi kufunguliwa na kuchanganywa moduli tunaongea upya. Kakubali.

Bado sijaamua mtumba au mpya. Mangi kama una betri nzima ya mtumba na unakubali ipimwe Salasala kabla ya kulipa, nitumie ujumbe.

mangi_gerezani
Ninayo dada, ipimwe tu sina shida. Ila ile ya zamani niletee mimi, nakupa laki nne.

fundi_haibridi_sinza
Mama Junior usiitoe bado hiyo ya zamani kwa bei yoyote. Tukishaifungua nitazipima zote 28. Zikitoka nzuri 20 na zaidi, utakuwa umejua kumbe bloku ya 8 ndo ilikuwa inawavuta wenzake, na hizo moduli zenyewe zina thamani kuliko laki nne. Leta gari asubuhi, likiwa limepoa.

mzee_wa_kigamboni
Na tuletee majibu ya hizo 28 hapa, binti. Hilo la moduli mbili au betri nzima mimi bado nataka kulijua.